Nafasi Ipi Iachwe Wazi? Maswali ya Kujipima Kuhusu Malaria Kali

Mhudumu wa afya wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru, anaweza kuwa na muhtasari huu: "Malaria kali: atesuneti ya sindano, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa chini ya kilo 20, miligramu 3. Saa 0, 12 na 24." Ni neno lipi lifutwe ili ajipime?

Akiandika "Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya ____", kwinini nayo huingia. Nafasi yenye majibu mawili sahihi haipimi kitu. Akifuta neno "uzito", maneno "kwa kila kilo" yanamnong'oneza jibu. Atapata alama bila kukumbuka dawa.

Nafasi inayofaa huwa pale ambapo kosa ni rahisi kutendeka na humdhuru mgonjwa. Kwa mfano: "Mtoto wa kilo 14 ana malaria kali. Kila dozi ya atesuneti iwe miligramu ____." Jibu ni 42, yaani 14 mara 3. Anayejibu 33.6 ametumia kipimo cha watu wazima, ambacho humwachia mtoto mdogo dawa pungufu katika damu. Hivyo jibu lisilo sahihi huonyesha kanuni iliyosahaulika.

Kabla ya kulihifadhi swali, mwenzake alijibu bila kuona muhtasari. Akitoa jibu jingine lililo sahihi, swali lirekebishwe. Hata hivyo, swali hili hupima kumbukumbu ya dozi tu; kuzitambua dalili za hatari hujifunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa.