Chumvi imezidi, tui limekatika

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mama lishe hapa Feri, napika mchuzi wa samaki wa nazi. Nilipokwenda Tanga kujifungua, nilimwachia mdogo wangu meza pamoja na karatasi ya mapishi niliyoandika mwenyewe. Siku ya kwanza tu wateja walirudisha sahani: chumvi kali, tui limekatika. Yeye anaapa kwamba alifuata karatasi. Mama anasema kaniharibia makusudi, na sasa hatusemezani. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Karatasi uliyoiambatanisha nimeisoma mstari kwa mstari. Mdogo wako hakukuharibia. Alifuata ulichoandika, na nitakuonyesha.

Umeandika "chumvi kk 2". Wewe ulikusudia kijiko kidogo, yeye akasoma kijiko kikubwa, na herufi ni zilezile. Kijiko cha chai cha kupimia kinachukua mililita 5, cha mezani 15. Kwa hiyo kilo ile ya nguru ilipata chumvi mara tatu ya unayoitia wewe. Ukikimbilia "kch" hujaponea, maana kijiko cha chai na kijiko cha chakula vyote vinaangukia hapo. Chini yake kuna "tui k 3", na juu kabisa "nguru k 1". Moja ni kikombe, nyingine ni kilo. Kilo iandike kg, kwa herufi ndogo. Vijiko na vikombe viandike kwa ukamilifu: kijiko cha chai, kijiko cha mezani, kikombe. Wino utakaotumia ni mdogo kuliko sufuria moja ya mchuzi uliomwagwa.

Na kikombe chenyewe ukitaje. Vikombe vya chai vya mezani kwako havilingani, lakini chupa ya maji ya nusu lita ipo kila mahali. Ijaze, gawa sawasawa mara mbili, upate mililita 250. Hicho ndicho kikombe chako.

Sasa tui. Umeandika tui vikombe 3 kana kwamba ni kitu kimoja, na hatua ya kwanza inasema "bandika tui lichemke". Ukiwa jikoni wewe hufanyi hivyo, nina hakika, la sivyo wateja wangekukimbia zamani. Unakaanga vitunguu na nyanya, unatia tui jepesi vikombe 2 na ukwaju, unaweka samaki, na tui zito kikombe 1 linaingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, huku unakoroga taratibu. Mdogo wako alichemsha tui zito kwa moto mkali, kisha akalimiminia ukwaju. Moto na ukali vikikutana namna hiyo tui hukatika: mafuta yanapanda juu, chini zinabaki chembechembe nyeupe. Likishafika hapo, kukoroga hakulirudishi lilivyokuwa.

Kuna jambo jingine ulilolisahau kwa sababu mkono wako umelizoea. Samaki unampaka ndimu na chumvi kabla ya kumkaanga kidogo. Kwenye orodha ndimu ipo, lakini katika hatua haionekani popote. Tangawizi nayo ipo kwenye hatua, kwenye orodha hakuna. Chumvi inatiwa mara mbili, basi igawe palepale: vijiko 2 vya chai, 1 kwa samaki, 1 kwa mchuzi. Viungo vipange kwa mfuatano ule ule wa kuingia sufuriani, na pengo lolote litajionyesha lenyewe.

Halafu "nguru k 1" ni kilo ya namna gani? Pale mnadani samaki ananunuliwa na kichwa na matumbo yake. Ukimsafisha anapungua. Andika: nguru aliyekwisha kusafishwa na kukatwa vipande, 1 kg.

Vipimo usivikumbuke kwa kichwa. Siku utakayopika, pima chumvi vijiko 6 vya chai uweke kibakulini, pika kwa mkono wako kama kawaida, kisha pima iliyobaki. Iliyopungua ndiyo unayotumia. Manjano na tangawizi iliyotwangwa vifanyie hivyohivyo. Andika upya, umpe mdogo wako karatasi mpya, ukae pembeni bila kumwelekeza. Kila atakapogeuka kukuuliza, usimjibu kwa mdomo tu. Jibu liingie kwenye karatasi.

Kabla ya hayo yote mpigie simu leo, umwambie kosa lilikuwa la karatasi, na mama asikie ukisema hivyo. Ile ya zamani ichane, isije ikaokotwa na mpishi mwingine.