Kuuliza Njia kwa Kiarabu: Maswali ya Wasafiri wa Mbeya na Iringa

Wanaopanda basi Uyole au Ipogolo na pasi ya kusafiria mfukoni huwa na safari za aina tatu: Makka na Madina kwa Umra au Hija, Maskati kwa kazi au kutembelea ndugu, na Dubai kwa biashara. Mimi hufundisha Kiarabu cha njiani, kile cha kumsimamisha mtu usiyemjua na kupata msaada wake bila kumuudhi. Yafuatayo ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Kiarabu nimekiandika kwa herufi zetu: irabu mbili maana yake uvute sauti, na alama ya ' ni ile sauti ya ain inayobanwa kooni. Ikikushinda, iache, utaeleweka tu.

Ustadhi, Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu. Kwa nini nisiseme tu "samahani" na "tafadhali"?

Kwa sababu hayo mawili ndiyo yatakayokuangusha kwanza. Kwa Mwarabu, "tafadhal" ni neno la kukaribisha: ingia, keti, chukua, pita wewe kwanza. Akiambiwa mwanamke linakuwa "tafadhali". Kwa hiyo ukimsimamisha mwanamume barabarani ukamwambia "tafadhali, hoteli iko wapi?", umemkaribisha kitu usichokuwa nacho, tena kwa umbo la kumsemesha mwanamke. "Samahani" nayo masikioni mwake inakaribia "saamahani", yaani "amenisamehe". Atabaki anajiuliza ni nani huyo aliyekusamehe.

Ombi letu la "tafadhali" kwao ni "min fadhlak" kwa mwanamume na "min fadhlik" kwa mwanamke. "Samahani" ya kumsimamisha mtu ni "lau samaht" kwa mwanamume, "lau samahti" kwa mwanamke. Ukishika haya tu, nusu ya kazi imekwisha.

Wanafunzi wenzangu wananicheka kwamba namwita kila mwanamume mwanamke. Nakosea wapi?

Mwishoni mwa neno. Lugha zetu, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kiswahili chenyewe, hupenda neno liishe kwa irabu. Ulimi ukikutana na "samaht" hautulii mpaka uongeze "i", na hiyo "i" ndiyo alama ya mwanamke. Dawa yake ni kuikata pumzi kwenye "t", ulimi ukabaki umefunga njia. Fanya zoezi hilo kwenye basi: "samaht" kimya, "samaht" kimya. Abiria wa kiti cha pili watakushangaa kidogo, lakini kuna saa nyingi mpaka Dar es Salaam.

Makosa mengine ya matamshi yasikusumbue sana. Wengi wetu wa bara husema "z" penye "dh" na "s" penye "th". "Min fazlak" itaeleweka, maana Waarabu wenyewe hawalitamki neno hilo namna moja toka nchi hadi nchi.

Nianze moja kwa moja na swali, au kuna utaratibu?

Salamu kwanza. Huwezi kumwendea mzee wa Kalenga ukamuuliza njia kabla ya "kamwene", na kule ni vivyo hivyo. "As-salaamu alaikum", subiri ajibu, kisha "lau samaht", kisha swali. Ukiruka salamu utajibiwa, ila kwa mkato, na jibu la mkato halimsaidii mgeni.

Shikamoo hawana. Heshima kwa mkubwa huiweka kwenye jina la kumwitia: "yaa ammi" kwa mwanamume wa rika la baba yako, "yaa khaala" kwa mama mtu mzima. Wa rika lako ni "yaa akhi" au "yaa ukhti", na askari pia "yaa akhi" inamfaa. Usimwite mtu mzima "yaa walad" hata kama umelisikia kwenye filamu, kwani ni kumwita mtoto.

Mimi ni Mmoraviani kutoka Rungwe, naenda Maskati kikazi. Nitoe salamu ya Kiislamu?

Unaweza, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Ukiona haikukai vizuri, asubuhi sema "sabaah al-kheir", kuanzia mchana mpaka usiku "masaa al-kheir". Ipo pia "marhaba", ambayo sisi tumeizoea kama jibu la shikamoo. Kule ni salamu kamili, na mdogo anaweza kumwanzia nayo mkubwa.

Kuuliza nimeweza. Taabu ni jibu: linakuja kama mvua na sishiki kitu.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa ni kujaribu kuelewa kila neno. Tega sikio kwa maneno machache tu. Tuchukue mfano wa mama wa Iringa aliyetengana na kikundi chake Makka, nje ya Msikiti Mtukufu. Wamekubaliana kukutana mlango wa Mfalme Fahd, ambao ni namba 79. Yeye yuko karibu na mlango wa Mfalme Abdulaziz, namba 1. Anamwona mlinzi.

"As-salaamu alaikum, yaa akhi. Lau samaht, fein baab al-Malik Fahd?"

Mlinzi anajibu: "Imshi ala tuul, ba'dein yasaar, gariib."

"Imshi" ni tembea. "Ala tuul" ni moja kwa moja. "Yasaar" ni kushoto, na kulia ingekuwa "yamiin". Sasa "ba'dein" na "gariib" si mageni kwake hata kidogo: la kwanza lina "baada" ndani yake, yaani "halafu", na la pili ni "karibu" yetu. Katika Kiarabu cha mitaani cha Hijazi na Ghuba, herufi ya qaf hutamkwa "g", ndiyo maana "qariib" linasikika "gariib". Kwa njia hiyohiyo "gabl al-ishaara" ni "kabla ya taa za barabarani", na "giddaam" ni mbele.

Asiondoke bado. Anyooshe mkono upande alioelewa na kurudia: "Ala tuul, ba'dein yasaar, sah?" "Sah" ni ndugu wa "sahihi" yetu. Mlinzi ataitikia "aiwa", yaani ndiyo, au "la" na kuugeuza ule mkono. Jibu refu limekuwa neno moja. Kama bado haelewi, aseme "shwayya shwayya, min fadhlak", polepole tafadhali, au aombe aonyeshwe: "mumkin tuwarriini?"

Namba ya mlango ataiweza pia, maana makumi ya Kiswahili kuanzia ishirini hadi tisini ni ya Kiarabu. Sabini ni "sab'iin", tisa ni "tis'a". Tofauti ni mpangilio: Waarabu hutanguliza moja moja kabla ya makumi, hivyo 79 ni "tis'a wa sab'iin", tisa na sabini. Asiyelijua hilo ataandika 97 na kutafuta mlango mwingine kabisa. Kwenye vibao vyenye tarakimu za Kiarabu peke yake, jihadhari na tatu hizi: duara dogo ni tano, nukta ni sifuri, na kile kinachofanana na 7 yetu ni sita.

Umesema "fein". Kitabu changu kinasema "ayna", na jamaa yangu wa Dubai anasema "wein".

Wote mko sawa. "Ayna" ni ya vitabuni na inaeleweka kila mahali. "Fein" ni ya Makka, Jidda na Misri, "wein" ni ya Ghuba. Ningekushauri ushike moja ya kule uendako. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba Dubai, hata sehemu nyingi za Maskati, mtu uliyemsimamisha huenda ametoka Kerala au Bangladesh na Kiarabu chake ni cha kuokoteza kama chako. Kwa huyo fupisha kabisa: salamu, "wein", jina la mahali. Usishangae akikujibu "siida", neno lenye asili ya Kihindi ambalo Ghuba nzima hulitumia kwa "nyoosha".

Maskati ina bahati yake. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi wenye asili ya Omani waliondoka visiwani, na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka 1970 wengi walirudi Omani wakiwa na Kiswahili chao. Kwa hiyo ukiwa Ruwi au Matrah na umemwona mzee, jaribu: "Tatakallam sawaahili?" Mara nyingine jibu litakuja kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu na chako.

Nikipotea kabisa na simu imezima?

Kabla hujatoka hotelini siku ya kwanza, chukua kadi ya mapokezi yenye anwani kwa Kiarabu. Hoteli ya kulala ni "funduq". Ya kula, ile ambayo sisi nasi huiita hoteli, ni "mat'am", usizichanganye. Ukipotea, toa kadi na useme: "Lau samaht, fein haadha l-funduq?" Hoteli hii iko wapi? Ukitaka kueleza hali yako, mwanamume husema "ana taayih", mwanamke "ana taayiha". Kuomba msaada ni "mumkin tisaa'idni?", na ukimwomba mwanamke "mumkin tisaa'idiini?" Wanawake nawashauri wamwendee mwanamke mwenzao, familia, au mlinzi mwenye sare. Kwa hatari ya kweli piga 911 ukiwa Makka, 9999 Omani, 999 Dubai.

Na kuaga?

"Shukran" inatosha. Atasema "afwan", na mazungumzo yamekwisha.

Niliambiwa basi linaondoka "as-saa'a sab'a". Nikafika saa saba mchana, halipo.

Wewe si wa kwanza. Saa zao huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri, kama zinavyoonekana kwenye simu yako. "As-saa'a sab'a" ni saa inayosoma 7, ambayo kwetu ni saa moja. Ukifika saa saba ya kwetu, basi limekuacha kwa saa sita. Uliza huku umeshika simu: elekeza kidole kwenye tarakimu, sema "as-saa'a sab'a as-subh, sah?" Yeye aangalie tarakimu, wewe usubiri "aiwa". Kama ni ya jioni, atakusahihisha kwa "al-masaa".