Kuchapa mtihani kutoka kwenye picha

Swali: Nina saiba Kayole. Walimu huniletea picha za karatasi za zamani za KCPE Kiswahili niwachapie, lakini majibu hutoka yakiwa yamevurugika. Nifanyeje?

Jibu: Tatizo huwa ni safu mbili. Maliza safu ya kushoto hadi chini kabla ya kuhamia ya kulia. Chaguo nazo hukanganya: A na B zikiwa kushoto, C na D kulia, kusoma kwa kukata ukurasa kutakupa A, C, B, D. Fuata herufi, usifuate mstari. Lakini kwenye jedwali la swali la 1 hadi 15, kila mstari ni swali moja, kwa hivyo hapo soma kwenda kulia.

Ufahamu wa swali la 31 hadi 40 uanze na maagizo yake, kisha kifungu chote, ndipo maswali. Kikivuka hadi picha ya pili, kiunganishe kwanza. Nambari ziandike kwa mkono. Word ikizihesabu yenyewe, huenda ikaanzia 1 tena baada ya kifungu. Mwishowe jibu maswali machache kwa mwongozo wa mwalimu: jibu sahihi likiangukia upuuzi, herufi zimehama.