Namba Ndogo Kwenye Picha: Kutoka Mlinganyo Hadi Kilo za Chuma

Zoezi la kemia likipigwa picha kwa simu usiku, kivuli kikaangukia daftari, herufi kubwa husomeka bila taabu. Zinazopotea ni zile namba ndogo za chini ya herufi, na hizo ndizo zinazosema ni kitu gani hasa kinachozungumzwa.

Chukua swali hili la kidato cha tatu. Oksaidi ya chuma (III) inanyang'anywa oksijeni yake na kaboni monoksaidi ndani ya tanuri. Mwanafunzi asawazishe mlinganyo, kisha atafute masi ya chuma itakayopatikana kutoka kilo 80 za oksaidi hiyo. Kwenye picha, alama mbili zimefifia:

Fe?O? + CO → Fe + CO₂

Mwanafunzi mwenye haraka atabahatisha Fe₃O₄. Ubaya ni kwamba hiyo nayo ni oksaidi halisi, magnetiti, aina ya madini yanayopatikana Liganga mkoani Njombe. Mlinganyo wake unasawazika vizuri kabisa, kwa hiyo kusawazisha hakutamfichua aliyesoma vibaya. Kinachomwokoa ni jina. Alama (III) inaeleza kuwa kila atomi ya chuma ina chaji +3, na oksijeni huwa na −2. Atomi mbili za chuma zinaleta +6, atomi tatu za oksijeni zinaleta −6, jumla sifuri. Fomula ni Fe₂O₃.

Herufi nazo zikaguliwe. CO ni kaboni monoksaidi. Co ni kobalti.

Sasa kusawazisha. Kushoto kuna atomi 2 za chuma, basi kulia iwekwe 2 mbele ya Fe. Kwenye oksijeni ndipo wengi hukwama. Wanahesabu atomi 4 kushoto, wanaona 2 tu kulia, wanaigeuza CO₂ kuwa CO₄. Hesabu inatimia, ila hakuna gesi ya namna hiyo inayotoka katika tanuri. Namba ndogo haiguswi. Inayobadilishwa ni ile kubwa ya mbele peke yake.

Njia nyepesi ni kutazama kinachotokea. Kila CO huchukua atomi moja ya oksijeni na kuwa CO₂. Oksaidi ina atomi tatu za kutoa, hivyo zinahitajika CO tatu, na CO₂ tatu zitatoka:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Ukaguzi: chuma 2 kwa 2, kaboni 3 kwa 3, oksijeni 6 kwa 6.

Hapo linakuja kosa la pili, na ndilo linalokula alama nyingi. Mtu anaona 1 mbele ya oksaidi na 2 mbele ya chuma, anazidisha kilo 80 kwa 2, anapata kilo 160 za chuma. Chuma kimezidi madini kilimotoka! Namba za mbele zinahesabu chembe, hazipimi uzito. Ndiyo maana lazima kilo zigeuzwe kuwa moli kwanza, moli ikiwa jina la idadi maalumu ya chembe kama dazeni ilivyo jina la vitu 12.

Masi za atomi zinazotumika ni Fe = 56, O = 16, C = 12.

Moli moja ya Fe₂O₃: (2 × 56) + (3 × 16) = 112 + 48 = gramu 160.

Kilo 80 ni gramu 80,000, kwa hiyo moli za oksaidi: 80,000 ÷ 160 = 500.

Kila moli ya oksaidi hutoa moli 2 za chuma: 500 × 2 = moli 1,000.

Masi ya chuma: 1,000 × 56 = gramu 56,000, yaani kilo 56.

Jibu hilo linaweza kupimwa bila kumsubiri mwalimu. CO iliyotumika ni moli 1,500, na kwa gramu 28 kila moli inakuwa kilo 42. CO₂ iliyotoka nayo ni moli 1,500, na kwa gramu 44 ni kilo 66. Vilivyoingia ni 80 + 42 = 122; vilivyotoka ni 56 + 66 = 122. Jumla hizi zisipolingana, kuna hatua iliyokosewa.

Kilo 56 ni za oksaidi safi. Madini yanayochimbwa huja na mchanga na udongo. Yakiwa na asilimia 80 ya Fe₂O₃, zitahitajika kilo 100 za madini kupata chuma kilekile.

Anayemtumia mwenzake picha ya zoezi aandike chini yake jina kamili la kila kemikali, na anayeipokea asianze hesabu kabla ya kulinganisha jina na fomula.