Mrabaha na kodi ya faida: shaba ikiuzwa, nani anapata nini?

Mto Lualaba unapita Kolwezi kwenye migodi ya shaba kabla ya kufika Bukama na Ziwa Kisale, hapa Kinkondja. Kampuni za migodi hiyo hulipa mrabaha, ambao wengi huku huuita redevansi, na pia kodi ya faida. Malipo hayo mawili hayahesabiwi kwa njia moja.

Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inatoza mrabaha juu ya thamani ghafi ya mauzo. Kwa shaba ni 3.5%. Chini ya sheria ya 2002 kampuni iliruhusiwa kutoa kwanza gharama za usafirishaji na bima, sasa hairuhusiwi. Kodi ya faida ni 30% ya kinachobaki baada ya gharama, na mrabaha wenyewe huhesabiwa kuwa gharama.

Tuchukue mfano. Kampuni inauza shaba ya dola 100, na gharama zake ni dola 70. Mrabaha ni dola 3.50. Faida inayobaki ni 26.50, na kodi yake ni 7.95. Jumla Serikali inapata dola 11.45. Bila mrabaha, kodi ingekuwa dola 9. Kwa hiyo mrabaha wa 3.50 umeongeza 2.45 tu, kwa sababu umepunguza kodi kwa 1.05.

Sasa bei ianguke, shaba ileile iuzwe dola 72. Mrabaha ni 2.52, na kampuni inaingia hasara ya 0.52. Kodi ya 30% haina pa kushika, inabaki ile ya chini ya 1% ya mauzo, yaani 0.72. Hapo mrabaha unageuza faida ndogo kuwa hasara, na mgodi wenye gharama kubwa unaweza kufungwa. Lakini hata mwaka mbaya mrabaha unaingia.

Pia ni rahisi zaidi kuukagua: uzito, kiwango cha shaba ndani yake na bei. Faida inaweza kupunguzwa kwa riba na ada zinazolipwa kwa kampuni ndugu nje ya nchi. Udanganyifu wa mrabaha hujificha kwenye uzito mdogo, au bei ya chini kwa mnunuzi wa kundi hilohilo.

Mrabaha hugawanywa: 50% Serikali kuu, 25% jimbo, 15% mamlaka ya mtaa ulipo mgodi, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Katika dola 3.50, mtaa unapata senti 52 na nusu. Kinkondja haipati fungu hilo kutoka Kolwezi, maana linafuata mahali pa uchimbaji, halifuati mto. Mgodi ukifunguliwa karibu, usiulize kwanza faida. Uliza tani za shaba zilizouzwa na bei ya tani moja, zidisha viwili hivyo, chukua 3.5% ya jibu, kisha chukua 15% ya hiyo, na ulinganishe na kilichoingia kwenye akaunti ya mtaa. Ripoti za ITIE huchapisha malipo ya kampuni.