Mdogo Wangu, Huwezi Kumvalisha Kila Mtu

Mdogo wangu, sogea tuongee. Wengi wenu mnaouza mitumba mnalia jambo moja: watu wanajaa mezani, wanapekua, wanauliza bei, kisha wanaondoka mikono mitupu. Mnaanza kudhani jirani ana nyota kali, au kuna mkono wa mtu. Hapana, mpenzi. Unataka kumvalisha kila anayepita, na mtaji wenyewe mdogo.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme una shilingi 300,000. Unadamka kwenda Karume, pale Ilala, mabelo yanafunguliwa, unachagua nguo 60 kwa wastani wa shilingi 5,000. Kwa kuogopa kumkosa mtu, unabeba jinzi za kiume 15, magauni 15, nguo za watoto 15 na sketi za ofisini 15. Meza inapendeza kweli. Lakini hizo sketi 15 ukizigawa kwa saizi tano, kila saizi ina tatu tu. Anakuja mwalimu: ya kwanza rangi haimpendezi, ya pili fupi, hawezi kusimama nayo mbele ya darasa, ya tatu mmeshindwana bei. Anakwambia, “Nitapita.” Wewe na mimi tunajua hatapita.

Sasa kwa fedha hiyohiyo ungenunua sketi 30 na blauzi 30, zote za mama wa ofisini. Kila saizi ina sketi sita, na akipata sketi anatafuta blauzi ya kuendana nayo. Hujaongeza hata senti, ila aliyekuja kwa nguo moja ana nafasi ya kuondoka na mbili. Keshokutwa akiulizwa kazini kanunua wapi, ana la kujibu: “Kwa yule dada wa nguo za ofisini.” Muuza kila kitu atasemwaje? Mshika mbili moja humponyoka, nawe umeshika nne.

Utanijibu, “Dada, nitajuaje nimchague nani?” Usichague kwa ndoto, wala kwa nguo unazozipenda wewe. Chukua daftari, mwezi mzima andika kila anayenunua: ni nani, kachukua nini, kalipa kiasi gani, amewahi kuja kabla? Mwezi ukiisha, usimtafute aliyenunua kwa wingi siku moja. Mtafute anayerudi, asiyebishana bei hadi faida ikaisha, na aliyekuletea mwenzake. Halafu jiulize: nguo zake nitazipata sokoni kila wiki, kwa bei inayoniachia kitu? Kama belo la aina hiyo hufunguliwa kwa nadra, huyo mteja ni mzuri lakini si wako.

Najua kinachokuuma. Siku kijana atakapouliza jinzi nawe huna, moyo utakuruka, utaona riziki inapita. Vumilia, mdogo wangu. Mpeleke kwa jirani anayeuza jinzi, tena mpeleke kwa uso mkunjufu, naye jirani akiulizwa sketi atakukumbuka. Ukikimbilia kununua jinzi tano kwa ajili ya huyo mmoja, umerudi kulekule: hizo tano hazitamtosha, na fedha ya sketi imelala.

Na hizo jinzi na nguo za watoto ulizonazo usizichome wala usizifungie kabatini. Ziuze kwa bei ya kutupa, hata kwa wauzaji wenzako, fedha irudi kazini.

Ila nisikufiche, kila mteja ana tabu yake. Mama wa ofisini ana fedha mshahara ukitoka. Katikati ya mwezi atakuomba mkopo, na kwa sababu ni mtu wa heshima utaona aibu kumkatalia. Weka kanuni mapema: apokee nguo akimaliza kulipa, au alipe nusu na deni liandikwe mbele yake. Wengi hawaui biashara kwa kukosa wateja, wanaiua kwa huruma. Pia usinunue mzigo mkubwa katikati ya mwezi. Ulenge siku za mshahara.

Usikate tamaa wiki ya pili. Upe uamuzi wako mishahara miwili au mitatu, huku daftari likiendelea. Wanaorudi wakiongezeka, hata kama wanaopekua wamepungua, uko njiani. Lakini mishahara mitatu ikipita na sura ni mpya kila siku, hakuna aliyerudi, basi eneo lako halina mama wa ofisini wa kutosha. Hapo badilisha kundi, usirudi kuuza kila kitu. Daftari litakuwa limeshakuonyesha nani anafuata, labda ni mama wa mtoto mchanga, ambaye mwanawe hukua kila baada ya miezi michache na nguo humbana. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujadamkia tena Karume, nunua daftari kwanza.