SOMO: Kueleza ulemavu kwenye intavyu. Useme nini, na wakati gani?

Mtu mwenye ulemavu akiitwa intavyu hujiuliza: niseme au ninyamaze? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa sababu ya ulemavu. Lakini wakati wa kusema unauchagua wewe. Jiulize: kuna kitu ninachohitaji, na nitakihitaji lini?

Tuchukue mfano. Dada mmoja hasikii kabisa kwa sikio la kushoto, na kwa la kulia husikia mtu akiwa karibu. Ulemavu wake hauonekani. Ameomba ukarani wa kupokea maziwa katika chama cha ushirika: kupima, na kuandika kilo za kila mkulima katika daftari.

Kabla ya siku yenyewe. Akinyamaza, huenda akajibu swali ambalo hakuulizwa, na wakubwa watadhani hajui kazi. Basi anapothibitisha kwamba atafika, aandike: "Sisikii vizuri. Naomba chumba kisicho na kelele, na niketi mahali ninapowaona nyote mkiongea." Hapo inatosha.

Ndani ya intavyu. Wakianza kuzungumzia kazi, aeleze mambo matatu: anachoweza, kinachomzuia, na njia ya kukiondoa. "Kupima na kuandika nimefanyia kikundi chetu miaka miwili. Lakini mashine ya kupoza maziwa ikinguruma, sitamsikia mkulima akitaja nambari yake. Naomba kila mmoja anionyeshe kadi, na meza yangu iwe mbali na mashine, sikio la kulia likielekea foleni." Kadi wakulima wanazo, na meza ni ya kusogezwa tu.

Asieleze historia yote ya ugonjwa, kwa sababu wasikilizaji wataanza kumhurumia na kusahau kazi. Akiulizwa, "Kwani ulipatwa na nini?" ajibu kwa adabu: "Mzee, hayo ni ya zamani. Kwa kazi hii, shida yangu ni kelele."

Baada ya kupewa kazi. Jambo lisilogusa kazi ya siku za kwanza, kama kwenda kliniki ya masikio mara mbili kwa mwaka, laweza kungoja hapa. La usalama lisingoje siku ya kuanza kazi. Lori la maziwa likirudi nyuma uani, dada huyu hatasikia honi. Aseme mapema, ili wakubaliane asipite nyuma ya lori bila kuonyeshwa ishara ya mkono. Na waliyokubaliana yaandikwe, maana meneja akihamishwa, ahadi ya mdomo huondoka naye.

Kazi ya kikundi
1. Wawili waigize intavyu hii, mmoja akiwa mwenyekiti.
2. Kama dada huyu angekuwa anatembea kwa magongo, ni lipi angelisema kabla, na lipi lingengoja?